Namba Zile Zile, Jumla Nyingine

Usiku ukiwa hauna ukungu, kutoka huku kwetu Rusizi tunaziona taa za Bukavu ng'ambo. Kule nilikuwa mwalimu wa hesabu. Huku nafundisha vijana wachache jioni, na ubao wetu ni kipande cha mbao. Nataka kueleza kosa nililomfanyia mmoja wao, maana nilimwadhibu kwa kusema ukweli.

Niliandika ubaoni: 1 − 1/2 + 1/3 − 1/4 + 1/5 − 1/6, na kuendelea bila mwisho. Ukijumlisha hatua kwa hatua unapata 1, halafu 0.5, halafu 0.833, halafu 0.583. Unapanda, unashuka, lakini kila mara kidogo kuliko mwanzo, hadi unatulia karibu na 0.693. Niliwaambia hiyo ndiyo jumla.

Binti mmoja akaleta daftari lake. Yeye alikuwa amepanga hivi: chanya moja, kisha hasi mbili.

1 − 1/2 − 1/4 + 1/3 − 1/6 − 1/8 + 1/5 − 1/10 − 1/12 ...

Akafanya kwanza 1 − 1/2, ikabaki 1/2. Akafanya 1/3 − 1/6, ikabaki 1/6. Akafanya 1/5 − 1/10, ikabaki 1/10. Mstari wake ukawa 1/2 − 1/4 + 1/6 − 1/8 + 1/10 − 1/12. Hiyo ni nusu kamili ya kila namba niliyoandika mimi. Kwa hiyo jumla yake ni nusu: karibu 0.347.

"Umetupa namba njiani," nilimwambia.

"Hapana, Mwalimu. Sijatupa hata moja, zote ziko."

Nikampa sifuri mbele ya wenzake. Kesho yake hakuja, wala keshokutwa.

Usiku wa tatu nilikaa na tochi nikitafuta namba aliyoitupa. Sikuipata. 1/50 iko, 1/51 iko, kila moja mara moja tu. Basi shida iko wapi?

Nikajaribu kusimama katikati ya njia. Chukua chanya 100 za kwanza. Kwangu mimi zinaambatana na hasi 100. Kwake yeye zimeshaambatana na hasi 200. Hizo 100 za ziada ni kuanzia 1/202 hadi 1/400. Ni ndogo, ndiyo, lakini ziko 100, na hakuna iliyo chini ya 1/400. Kwa pamoja zinafika angalau 100/400, yaani robo. Ukisimama kwenye chanya 1,000, hasi za ziada ni 1,000, na hakuna iliyo chini ya 1/4,000: tena si chini ya robo. Popote utakaposimama, yeye ameshatoa zaidi yangu kwa robo au zaidi, na pengo hilo halizibiki kamwe. Hasi zangu "zitakuja baadaye", lakini zikija, zake zimeshatangulia mbali zaidi.

Mimi nilikuwa nimebeba mazoea ya dukani. Ukiwa na madeni kumi, lipa uanze na lipi, jumla ni ile ile, kwa sababu kuna deni la mwisho. Hapa la mwisho halipo. Jumla ni mahali unapoelekea ukitembea, na yeye alitembea kwa mpango mwingine.

Asubuhi nilikwenda hadi kwao, nikamwomba radhi mbele ya mama yake. Nilifuta ile sifuri. Hakusema mengi, ila jioni alikuja na swali: "Mwalimu, nikitaka ifike 5?"

Inafika. Chanya peke yake, 1 + 1/3 + 1/5 na kuendelea, hazina kikomo; hasi peke yake nazo hivyo hivyo. Basi jumlisha chanya mpaka upite 5, toa hasi moja ushuke chini yake, ongeza chanya mpaka upite tena, toa moja tena. Akiba haiishi upande wowote, na kwa kuwa namba zinazidi kuwa ndogo, unapita 5 kwa kidogo zaidi kila mara. Mjerumani Bernhard Riemann aliliandika hilo mwaka 1854: jumla ya namna hii waweza kuipeleka kwenye namba yoyote utakayo.

Lakini si kila mstari unakubali. Chukua 1 − 1/2 + 1/4 − 1/8, kila namba ikiwa nusu ya iliyotangulia. Hata alama zote zikiwa za kujumlisha, haivuki 2. Akiba ni ndogo, na kinachobaki mbele ni kidogo mno kukusogeza. Panga utakavyo, utapata 2/3.

Siku hizi, kabla ya kumwambia mwanafunzi kwamba mpangilio si kitu, kwanza nageuza alama zote kuwa za kujumlisha, nione kama jumla inatulia. Isipotulia, namwuliza amepangaje.