Namba Nilizozitwanga

Nakaa Obokote. Siku ile nilikuwa navuka Lualaba kwa mtumbwi, kutoka Alunguli kwenda ng'ambo ya Kasuku, kumtazama binti yangu mgonjwa. Alikuwa amehama, na nyumba yake mpya sikuijua. Tulikubaliana nikifika kivukoni nimpigie, atume mtoto anichukue. Nilipoinama kushika kikapu, simu ilichomoka kitengeni, ikaingia majini. Mto ule haurudishi kitu.

Nilishuka jua likielekea kuzama. Nikamwendea kijana wa kabini, anayeuza inite chini ya mwavuli, nikamwambia namba ninayo kichwani.

Namba za watoto wangu nilizishika wakati daftari letu lilipoliwa na mchwa. Binti yangu alinisomea kwa Kifaransa, mbili mbili, kama watu wa hapa wanavyozitaja. Mimi Kifaransa sikusoma. Nilizishika kama wimbo wa kutwangia sombe, kila neno pigo moja la mchi.

Kijana alipouliza, ulimi ukakwama. Nikaketi juu ya kikapu, nikaanza kupiga paja kwa ngumi. Hapo zikaja zenyewe, naye akaziandika. Akasimama.

"Koko, zimefika 11. Namba ya simu ni 10."

Nikarudia, nikatoa zilezile. Nilitaka kulia, na giza lilikuwa linaingia. Mara ya tatu hakuandika, alisikiliza tu. Akaniuliza: "Hapa mwishoni, katreveni na witi ni mapigo mawili?" Nikasema ndiyo. Akacheka. Kumbe hilo ni neno moja, katreveni-witi, yaani 88. Mimi nilikuwa nimelipasua kwa mchi miaka yote, likawa 80 na 8. Nyumbani sikuligundua kosa hilo, kwa kuwa binti yangu nilimpigia kwa kubonyeza jina lake, aliloliandika mjukuu.

Akapiga. Simu ikaita mpaka ikakatika, mara mbili. Namba ngeni usiku nani ataishika? Mimi mwenyewe siishiki. Nikamwomba aandike ujumbe, na ndani yake atie jina nililomwita binti yangu utotoni, ambalo mwizi hawezi kulijua. Hazikupita dakika nyingi, simu ya kijana ikalia.

"Mama, uko wapi?"

Nikampa kijana simu ili amweleze mahali, maana sauti yangu ilikuwa imekwisha. Alikataa pesa ya ujumbe, akapokea ya kupiga tu.

Kesho yake tulikwenda kuomba laini nyingine yenye namba ileile. Kadi yangu ya mpiga kura nilikuwa nayo, imefungwa kwenye ncha ya kitenge. Wakaniuliza namba yangu. Za watoto wote nilizijua, saba. Yangu sikuwahi kuipiga hata siku moja, basi sikuijua. Binti yangu ndiye aliyeitaja.