Salio Langu Lisisomwe na Grupu Nzima

Wasee, ile listi ya chama inayotumwa kwa grupu kila Jumapili, jina lako na alama ya X kando yake, sijaona ikimlipisha mtu. Asiye na doo anaiona, ananyamaza, na wiki inayofuata hata kukutana na nyinyi hataki. Kwa hivyo chama chetu cha watu kumi kilihamia Telegram na nikaandika boti. Kila mtu anapata salio lake kwa inboksi, grupu inaona jumla tu.

Boti ya Telegram haiwezi kukuanza. Mpaka uifungue mwenyewe na ubonyeze `/start`, la sivyo meseji yake inakataliwa. Hiyo ni rahisi. Shida ni mtu akiandika `/salio` ndani ya grupu. Meseji yake inafika na namba mbili: `chat.id`, ambayo hapo ni ya grupu, na `from.id`, ambayo ni ya aliyeandika. Jibu likienda kwa ile ya kwanza, deni lake linasomwa na wote. Na ukijaribu boti yako kwa inboksi peke yake hutagundua kitu, kwa sababu huko hizo namba mbili zinafanana. Ijaribu ndani ya grupu, ukiwa na rafiki mmoja.

Lakini penye siri inavuja sana ni kwa ile jumla yenyewe. Tuseme kila mtu anatakiwa kutoa 1,000 kwa mwezi. Ijumaa saa mbili usiku boti inaandika jumla ni 7,400. Saa tatu inaandika 7,700. Hebu toa hapo. Kuna mtu ametuma 300, na kama dakika hiyo kuna mtu ameandika "nishatuma", si ushamjua? Boti haijataja jina la mtu, na bado imemwanika.

Ndiyo maana yetu hutangaza jumla Jumapili pekee, malipo ya wiki nzima yakiwa yamechanganyika. Wiki ambayo ni mtu mmoja tu amelipa, hainyanyui mdomo, inangoja ijayo. (Watu tisa wakiamua kuonyeshana risiti, hakuna boti itamficha wa kumi.)

Kuna mwenye aliniuliza, sasa mweka hazina akikula pesa tutajuaje bila listi? Swali poa. Salio lako unalilinganisha na meseji zako za M-Pesa, pesa yako ikiruka unaona wewe mwenyewe. Jumla nayo, wanachama wawili wanaobadilishwa kila mwezi wanaiangalia na taarifa ya akaunti. Mweka hazina bado anaona kila deni, na hapo sina neno, kwa sababu lazima kuwe na mtu mmoja wa kukupigia simu pole pole akuulize kama uko sawa.