Nilipojaribu Kuihakiki Albamu ya Ayub Ogada

Mwanafunzi wa Kiswahili anapotakiwa kuhakiki wimbo, aghalabu huanza kwa kuyanakili maneno yake. Akishayaandika, huyatendea kama alivyofundishwa kulitendea shairi: huhesabu mizani, hutafuta vina, huorodhesha tamathali za usemi, kisha hutaja dhamira na kuweka kalamu chini. Nami nilikuwa mtu wa njia hiyo. Niliifuata kwa miaka miwili bila kutambua kwamba katika tahakiki zangu zote za nyimbo hapakuwa na hata sentensi moja iliyozungumzia sauti. Jambo hilo nilikuja kulitambua siku nilipopewa albamu ambayo sikuyaelewa maneno yake.

Mhariri wa jarida letu la ukutani aliniomba maneno mia nne kuhusu En Mana Kuoyo, albamu ya Ayub Ogada iliyotolewa mwaka wa 1993 na kampuni ya Real World ya Uingereza. Ogada, aliyefariki mwaka wa 2019, aliimba kwa Kijaluo huku akipiga nyatiti, ala ya Wajaluo yenye nyuzi nane. Mimi ni mtu wa Mombasa. Sijui Kijaluo ila salamu, na masikio yangu yamelelewa na taarabu. Hata hivyo nilikubali, kwani siku tatu zilitosha na sifa za msanii huyo nilizijua kama anavyozijua kila mtu.

Rasimu yangu ya kwanza niliimaliza kwa usiku mmoja. Niliandika kwamba albamu hiyo ni hazina isiyo na kifani, kwamba sauti ya msanii ni asali, kwamba nyatiti yake humwongoa msikilizaji hadi ulimwengu wa wahenga. Nikaongeza kwamba alipokuwa Uingereza aliwahi kuwapigia muziki wapita njia katika vituo vya treni za chini ya ardhi jijini London kabla ya kupata umaarufu, na kwamba wimbo wake Kothbiro ulitumiwa katika filamu The Constant Gardener ya mwaka wa 2005. Nilipomaliza nilimpa mwenzangu wa chumbani aisome. Yeye ni mzaliwa wa Siaya, na nilitumaini kwamba atafurahi kuona jinsi nilivyomtukuza mtu wa kwao.

Hakufurahi. Alichukua penseli akaniambia, "Ndugu yangu, hebu tufanye jambo moja. Kila sentensi ambayo tukiondoa jina la Ogada na kutia la mwimbaji mwingine haitaharibika, tuifute." Tulianza. Hazina isiyo na kifani ikafutwa, asali ikafutwa, wahenga nao wakafutwa. Habari za London na za filamu hakuzifuta, bali alizizungushia mstari na kuuliza, "Haya ni kweli, lakini umeyasikia katika albamu au umeyasoma?" Nilikuwa nimeyasoma. Katika maneno mia nne yalibaki jina la msanii, jina la albamu na mwaka.

Nakiri kwamba nilikasirika. Hasira ilipopoa niliona kwamba sikuwa nimeandika sifa zile kwa kuwa albamu imenigusa. Nilikuwa nimeziandika kwa hofu. Katika chuo chetu, kama ilivyo katika nchi yetu, mtu wa kabila moja akiikosoa sanaa ya kabila jingine huweza kudhaniwa kwamba amewakosoa wenyewe. Kusifu kila kitu kulikuwa ndiko kujikinga. Lakini sifa ya kujikinga haimheshimu msanii, kwani ni sawa na kumwambia kwamba hukumsikiliza.

Basi nikaanza upya. Mara ya kwanza niliisikiliza albamu yote, nyimbo zake kumi, bila kalamu. Mara ya pili nilisikiliza kwa daftari, na kwa kila wimbo niliandika mambo matatu tu: ni ala gani inayoanza, sauti ya mwimbaji inaingia vipi, na ni wapi fikira zangu zilipotoroka. Hilo la tatu ndilo lililonifaa zaidi. Mhakiki huweza kujidanganya kuhusu anachokipenda, ila hawezi kujidanganya kuhusu wakati alipoanza kuwaza juu ya chakula cha jioni.

Katika daftari langu, wimbo wa kwanza, Obiero, ulipita bila alama yoyote ya kutoroka. Nyatiti inatangulia na fungu fupi la noti linalojirudia, na sauti inapoingia haiingii kwa kishindo. Inaingia kwa upole, kama mtu anayezungumza na aliye karibu naye. Katika Kothbiro upole huo umezidi. Nilijua kutoka kwa mwenzangu kwamba jina hilo maana yake ni "mvua inakuja", na kwamba anayeimba anahimiza ng'ombe warudishwe nyumbani. Nilitarajia haraka, kwa kuwa mvua haimngoji mchungaji. Badala yake wimbo unakwenda polepole, na ule upole ndio unaotia wasiwasi: ni sauti ya mtu aliyekwisha kuona wingu na anajua kwamba kupiga kelele hakutalizuia. Sentensi hiyo niliiandika mara moja, na nilipoijaribu kwa penseli ya mwenzangu haikufutika. Haikuweza kumfaa mwimbaji mwingine.

Nyimbo za katikati, kwa upande mwingine, zilijaa alama za kutoroka. Niliziona zikifanana kwa mwendo na kwa kimo cha sauti, hata nikashindwa kusema huu umekwisha wapi na ule umeanza wapi. Kabla ya kuliandika jambo hilo kama kasoro, nilijiuliza kama kosa lilikuwa langu. Niligundua mawili. Kwanza, nilikuwa nimesikilizia kipaza sauti kidogo cha simu, ambacho humeza sauti nzito. Nilipoazima vidude vya kuvaa masikioni, nyuzi za chini za nyatiti zilijitokeza, na nyimbo mbili nilizozidhania kuwa nyepesi zikapata uzito. Pili, masikio huchoka. Wimbo unaosikilizwa mwishoni hulipia uchovu ulioletwa na ule wa mwanzoni. Kwa hiyo siku ya pili nilianzia katikati ya albamu. Baadhi ya alama nilizifuta, lakini nyingine zilibaki palepale. Hizo zilizobaki ndizo nilizoziamini.

Usikilizaji wa tatu ulikuwa wa kulinganisha. Kothbiro haikuzaliwa katika albamu hii. Katika miaka ya 1970 ilirekodiwa na bendi ya Black Savage, ambayo Ogada alikuwa miongoni mwa wanamuziki wake. Rekodi hiyo ya bendi ndiyo iliyochukuliwa kipande na Kanye West mwaka wa 2018 katika wimbo wake Yikes. Nilizisikiliza mbili hizo zikifuatana. Ile ya bendi ina umbo la muziki wa vijana wa mjini wa wakati wake, na wimbo umebebwa na watu wengi. Ile ya mwaka wa 1993 imepunguza hadi nyuzi na sauti zikawa ndizo zinazobaki akilini. Kabla ya kulinganisha nilikuwa nikisema tu kwamba napenda "utulivu" wake. Baadaye niliweza kusema ninachokipenda ni kitu gani: ni nafasi iliyoachwa baina ya noti moja na nyingine, ambayo katika rekodi ya kwanza imejazwa.

Nilimpelekea mwenzangu rasimu ya pili. Nilikuwa nimeandika kwamba Obiero na Kothbiro ni nyimbo nitakazozirudia, na kwamba nyimbo kadhaa za katikati zinachosha kwa kujirudia. Alisoma, akanyamaza, kisha akasema, "Hapa sasa umesema kitu, kwa hiyo naweza kukupinga." Akanieleza kwamba nyatiti kwa desturi haikuundwa ili msikilizaji afuate nyuzi peke yake. Mpigaji huketi kwenye kigoda kifupi, ala ikiwa chini mbele yake. Huvaa pete ya chuma, oduong'o, katika kidole cha mguu na kuigonga kwenye ala ili kushika mapigo, huku njuga za mguuni, gara, zikilia. Fungu la noti hujirudia kwa sababu linayashikilia maneno, na maneno ndiyo yanayobadilika. Hutaja watu, husifu, huomboleza, hutania. "Wewe umesikia ukuta," aliniambia, "hukuona picha zilizotundikwa."

Hoja hiyo ilinipa kazi ngumu kuliko zote. Je, niifute hukumu yangu? Nikiifuta, nitakuwa nimerudi kwenye hofu ya rasimu ya kwanza. Nikiiacha kama ilivyo, nitakuwa nimemlaumu msanii kwa ujinga wangu wa lugha. Hatimaye niliamua kuiacha hukumu na kuiwekea mahali inaposimama. Niliandika hivi: "Mimi msikilizaji nisiyejua Kijaluo, niliyezoea taarabu ambamo fidla na kinanda hupokezana lahani, nimechoshwa na nyimbo za katikati kwa kuwa nyuzi zinarudia fungu moja na maneno yanayobadilika hayanifikii. Anayeyaelewa huenda asichoke." Sentensi hizo mbili hazidai kwamba albamu ina kasoro mbele ya kila sikio. Zinamwambia msomaji nimesimama wapi, ili aliyesimama pengine ajue jinsi ya kunisoma. Msomaji Mjaluo atajua kwamba lalama yangu haimhusu, na msomaji wa Lamu au wa Kitui atajua kwamba huenda ikamkuta.

Wapo watakaosema kwamba kama hukumu inategemea msikilizaji, basi haina thamani, na kila mtu aseme apendavyo. Sikubaliani nao. Ladha yangu ni yangu, lakini nilichokisikia si changu peke yangu. Kwamba sauti katika Obiero inaingia kwa upole, kwamba rekodi mbili za Kothbiro zinatofautiana kwa wingi wa ala, ni mambo ambayo mtu yeyote anaweza kuyathibitisha kwa kusikiliza. Anaweza kukubali nilichokisikia na kukataa nilivyokipenda, na ubishi wetu ukawa na maana. Rasimu yangu ya kwanza haikuweza kubishiwa na mtu yeyote, kwa kuwa haikuwa imesema lolote.

Tahakiki ilibandikwa ukutani ikiwa na maneno mia tatu na themanini. Habari ya filamu niliiacha katika sentensi moja, mwishoni, kwa ajili ya wale wanaoujua wimbo bila kulijua jina lake. Wiki moja baadaye nilikuta mtu ameandika kwa kalamu ya wino pembeni mwa aya ya tatu, kwa Kiswahili sanifu, kwamba nimekosea kabisa kuhusu nyimbo za katikati, na akataja mmoja wao pamoja na sababu yake. Sijamjua ni nani mpaka leo. Usiku huo niliusikiliza tena wimbo alioutaja. Bado fikira zangu zilitoroka, ila zilichelewa kidogo kuliko mara ya kwanza.