Kauli ya Mwongozaji: Kueleza Mlango Uliofungwa

Wengi mnanijua kwa magauni ya harusi ninayoshona hapa Chikongola, Mtwara. Mwaka huu nimetengeneza filamu yangu ya kwanza ya makala, ya dakika 11, inayomhusu somo anayemwandaa bi harusi. Naipeleka ZIFF, Tamasha la Kimataifa la Filamu la Zanzibar, lile lililoanzishwa mwaka 1997. Leo nataka tuzungumze kuhusu andiko dogo linalokwenda pamoja na filamu, yaani kauli ya mwongozaji.

Kwenye FilmFreeway, tovuti ambako matamasha mengi hupokea filamu, kuna nafasi tatu ambazo ni rahisi kuzichanganya. Synopsis inasimulia kinachotokea ndani ya filamu. Director Biography inaeleza wewe ni nani. Director Statement, ambayo ndiyo kauli yenyewe, inajibu swali jingine: kwa nini umeitazama habari hii namna hii na si vingine? Ukirudia kisa chako humo, au ukaorodhesha vyeti, swali hilo linabaki bila jibu.

Kwangu mimi swali hilo lilikuwa zito. Somo alikubali kupigwa picha, lakini bi harusi alikataa, na ni haki yake. Basi singo inapoanza, mlango unafungwa, na kamera inabaki uani sekunde 50 nzima. Mtu asiyezijua harusi zetu anaweza kudhani nilikosa picha. Kauli ndiyo mahali pa kumwambia kwamba ule mlango umechaguliwa.

Hii hapa niliyoiandika:

“Nimeshona nguo za bi harusi kwa miaka 12, na kila mara hupokelewa mlangoni na somo. Nilitaka kuona mikono ile inafanya nini kabla nguo haijavaliwa. Somo alikubali kunionyesha kazi yake. Bi harusi hakukubali kuonyeshwa. Filamu imejengwa juu ya majibu hayo mawili. Kamera inatazama mikono ikisugua liwa kwenye jiwe na kuchambua asumini. Singo inapoanza tunabaki uani, na mtazamaji anasikia kile ambacho mgeni yeyote pale uani angesikia. Sikutafuta mtu wa kuigiza nafasi ya bi harusi, kwa sababu kufungwa kwa mlango ni sehemu ya harusi yenyewe.”

Tazameni kwamba sikuanza na maneno kama “utamaduni wetu unapotea”. Gauni la bi harusi halikatwi kwa kipimo cha mwenziwe, na kauli ni vivyo hivyo. Chukua sentensi yako ya kwanza uibandike kwenye filamu ya mtu mwingine. Ikikaa vizuri, haijawa yako, ifute. Wala sikueleza kwamba nilipiga kwa simu na umeme ulikatika. Kifaa kinatajwa pale tu kinapobadilisha anachokiona mtazamaji.

Jambo la pili ni sitara, na hapa ndipo panapohitaji uangalifu zaidi. Kauli haiishii kwa waamuzi. Filamu ikichaguliwa, inaweza kuchapishwa kwenye kitabu cha tamasha na kubaki mtandaoni miaka. Ukiandika “bi harusi wa mtaa fulani, binti wa fulani, aliyeolewa mwezi fulani”, kalamu imefunua kile ambacho kamera ilikifunika. Kwa hiyo hakuna jina, mtaa wala tarehe. Nilimsomea bi harusi kauli yote kabla ya kuituma, kama nilivyomsikilizisha zile sauti za uani. Katika sauti, jina lake lilitajwa mara moja, akaomba liondolewe, nikaliondoa. Kwenye kauli alikubali kila neno.

Lakini kauli ina mpaka wake: haiwezi kutengeneza filamu. Watazamaji ukumbini huenda wasiisome kabisa. Kwa hiyo nilimwonyesha shoga yangu filamu bila kumpa karatasi, nikamuuliza, “Umeona nini pale mlangoni?” Akasema, “Wamefunga, sisi hatuhusiki.” Hapo nikajua picha inajitegemea. Angesema, “Mbona imekatika?”, ningerudi kwenye uhariri, nikaangalie kama mlango unaonekana ukifungwa na kama sauti za ndani zinasikika mapema vya kutosha. Kuongeza aya kwenye kauli kusingesaidia.

Kisha fanya kinyume chake. Shika kauli mkononi, tazama filamu, na kwa kila sentensi tafuta ilipo picha au sauti yake. Mimi nilikuwa na liwa, asumini, mlango na sekunde 50 za uani. Sentensi isiyo na picha, isiyo na sauti, wala sababu ya uamuzi wowote, inatoka, hata kama ni nzuri namna gani.