Amana ya Wasii: Akaunti ya Mirathi na Deni la Maiti



Mwaka uliopita tulibebeshwa mzigo ambao hatukuuomba. Jirani yetu, tuliyekuwa tukisali naye safu moja kwa miaka mingi, alifariki dunia, Allah amrehemu. Siku ya tatu mjane wake alitutumia bahasha. Ndani yake mlikuwa na wasia aliouandika marehemu na kutiwa saini na mashahidi wawili, nasi tumetajwa kuwa wasii. Aliacha mke, watoto wawili wa kiume walio watu wazima, na binti wa miaka kumi na mmoja.

Tumesoma na kusomesha elimu ya mirathi tangu ujana wetu, na mpangilio wake twaujua: kwanza gharama za maziko, kisha madeni, kisha wasia usiozidi thuluthi ya kilichobaki, na mwisho warithi. Aya za mirathi katika Sura An-Nisaa zarudia kwamba mgao ni baada ya wasia na deni. Lakini kuugawa mfano ubaoni ni jambo moja, na kuzishika fedha za maiti mkononi ni jambo jingine. Hilo tulilijua kwa kukosea.

Marehemu alikuwa na vyumba viwili vya kupangisha, na wapangaji wote wawili walikuwa na malimbikizo ya miezi miwili tangu uhai wake. Mmoja wao alitutumia shilingi 18,000 kwa simu, nasi tukazipokea tukiamini tunahifadhi. Zikachanganyika na fedha zetu. Ikapita wiki, tukanunua unga na mafuta ya nyumbani kwetu kwa simu ile ile. Mwana mkubwa wa marehemu alipotuuliza, "Maalim, kodi ya baba iko wapi?", tuliweza kumtajia kiasi, lakini hatukuweza kumwonyesha. Hakututuhumu, ila sisi wenyewe tuliona haya. Fedha ya mayatima haikai mfuko mmoja na fedha ya mlezi wao pasi na hesabu.

Tangu siku hiyo hatukupokea hata senti mpaka tulipopata hati ya mahakama. Wasia peke yake haukutosha kuifanya benki itusikilize. Tulipeleka mahakamani wasia na cheti cha kifo, ilani ikatangazwa katika Gazeti la Serikali, siku 30 zikapita bila pingamizi, ndipo tukapewa hati ya uthibitisho wa wasia. Katika muda huo mwana mdogo alitaka kutoa fedha za babake kwa kadi ya benki, kwani nambari ya siri alikuwa anaijua. Tulimzuia. Fedha ile haikuwa yake bado, na kuigusa mali ya maiti bila idhini ni kosa katika sheria ya nchi.

Kwa hati ile, cheti cha kifo na kitambulisho chetu tulifungua akaunti mpya kwa jina la mirathi ya marehemu, sisi tukiwa watia saini kwa cheo cha wasii. Tulichagua akaunti isiyo na riba. Kitu cha kwanza kuingia humo kilikuwa zile 18,000, tukizilipa kutoka mfukoni mwetu. Mpangaji wa pili akalipa 18,000 zake moja kwa moja benki.

Hundi ya mshahara wa mwisho na siku za likizo, shilingi 96,000, ilitusumbua kidogo. Mwajiri aliiandika kwa jina la marehemu mwenyewe. Akaunti yake ilikwisha kufungiwa baada ya benki kuarifiwa kifo, na hundi ya jina lake haikuweza kuingia katika akaunti ya mirathi. Tuliirudisha, tukaomba iandikwe upya kwa jina lile lile lililo kwenye akaunti mpya, herufi kwa herufi. Zilipita wiki tatu. Hatimaye benki ikahamisha salio lake, shilingi 214,000. Jumla ikawa 346,000.

Hapo ndipo mvutano ulipoanza. Mwana mkubwa aliwasilisha gharama za maziko shilingi 91,000 alizotoa mfukoni mwake. Tulikaa naye na stakabadhi. Sanda, manukato, mbao, wachimba kaburi na gari vilikuwa 28,500. Zilizobaki, 62,500, zilikuwa mchele, nyama na turubali za siku za matanga.

Akasema, "Maalim, watu walikuja kumzika baba, tungewaacha na njaa?"

Tulimjibu kwamba ukarimu wake una ujira kwa Mola wake, lakini si deni la maiti. Sheria ya Urithi ya Kenya, Sura ya 160, kifungu cha 83, nayo yamtaka msimamizi alipe kutoka katika mali gharama za maziko ya kiasi. Warithi watu wazima waweza kuchangia chakula kutoka katika mafungu yao kwa ridhaa. Binti wa miaka kumi na mmoja hana ridhaa ya kutoa, wala sisi hatuna haki ya kutoa kwa niaba yake. Alinyamaza kitambo, kisha akapokea 28,500.

Gharama za mahakama na benki zilikuwa 14,500. Kwenye madeni, mwenye duka alileta daftari lake la 17,000, na rafiki wa marehemu alidai 80,000 ambazo marehemu mwenyewe alizitaja katika wasia. Deni la tatu hakuna aliyelidai. Cheti cha ndoa kilionyesha kwamba mahari yaliyobaki ni shilingi 60,000. Mjane alikuwa ndani ya eda na aliona haya kusema. Wanawe walidhani fungu lake la thumuni limekwisha kumtosha. La, hasha! Mahari yaliyobaki ni deni kama deni la dukani. Hulipwa kwanza, kisha mjane huja kurithi pamoja na wenzake.

Malipo yote hayo yakawa 200,000, yakabaki 146,000. Marehemu aliusia 10,000 kwa msikiti, kiasi kilicho chini ya thuluthi. Katika 136,000 zilizosalia, mjane alipata thumuni, 17,000. Kila mwana alipata 47,600, na binti 23,800 ambazo zimewekwa kwa jina lake.

Kila malipo yalitoka katika akaunti ile moja, nasi tukaandika kando ya kila mstari jina la aliyelipwa na sababu. Kifungu hicho cha 83 chamtaka msimamizi apeleke mahakamani orodha kamili ya mali na madeni ndani ya miezi sita tangu kupewa hati. Yetu haikutupa taabu, kwa kuwa taarifa ya benki ilikwisha kuiandika. Mwana mkubwa aliisoma mstari kwa mstari barazani, na alipofika mwanzo akaziona zile 18,000. Alituangalia, akatabasamu, akaikunja karatasi.

Mwenye duka alipopokea haki yake alifuta jina la marehemu katika daftari mbele yetu. Twamwomba Allah amfutie na kule aliko, na atusamehe sisi wiki ile ya unga na mafuta. Amin.