Chupa Mbili, Dawa Moja

Tanga

Mwanangu Zuhura,

Pole kwa kukesha na mtoto. Picha uliyonitumia nimeikuza nikaisoma. Chupa zote mbili ni parasetamoli, lakini nguvu hazilingani. Ya zamani imeandikwa 120 mg/5 ml. Hii aliyoleta baba Swalehe ni 250 mg/5 ml, zaidi ya mara mbili. Achana na mchoro wa stroberi. Tafuta tarakimu hizo karibu na jina la dawa, mara nyingi kwa maandishi madogo.

Namba ya kwanza ni dawa yenyewe, ya pili ni maji yaliyoibeba. Wengi wakiona ile 5 hudhani ndiyo kipimo cha mtoto. Sivyo.

Kliniki wamempima Swalehe, ana kilo 10. Parasetamoli hutolewa miligramu 10 hadi 15 kwa kila kilo, na daktari alimwandikia 120 kwa mara moja. Kwa chupa ya zamani hiyo ni mililita 5 kamili, ndiyo maana mkono wako umezoea. Kwa chupa mpya, gawa 250 kwa 5, unapata miligramu 50 katika kila mililita. Kisha gawa 120 kwa 50, unapata mililita 2.4. Ukimjazia tano kwa mazoea, umempa miligramu 25 kwa kila kilo, na ukirudia hivyo siku mbili tatu, ini ndilo linaloumia.

Sasa bomba. Chukua la mililita 5, kisha hesabu nafasi kati ya 2 na 3. Zikiwa tano, kila moja ni 0.2, na 2.4 inaangukia mstarini. Mabomba mengi ya mililita 10 yana mistari ya 0.5, hapo utakuwa unakisia. La insulini usiliguse, lina hesabu ya yuniti, na yuniti 100 ni mililita moja tu. Kijiko cha chai nacho kiache kwenye chai.

Tikisa chupa kwanza. Bomba lisiwe na sindano wala kifuniko chake, maana kifuniko kimewahi kuwakaba watoto. Vuta dawa, elekeza mdomo wa bomba juu, gonga mapovu yatoke, ndipo usome pale ukingo wa mpira unapogusa dawa, si ukingo wa nyuma. Mpe polepole pembeni mwa shavu. Rudia baada ya saa 6 akiwa bado na joto, isizidi mara 4 kwa saa 24.

Chupa ya zamani naona imebaki kidogo. Imalize kabla ya kufungua hii, zisikae zote kabatini, hasa bibi yake anapobaki naye. Na asubuhi mpeleke akapimwe malaria. Parasetamoli inashusha joto tu.

Shangazi yako