Bloki zetu zilikufa kwa kiu

Tarehe 22 Mei 2021 Nyiragongo ililipuka, na lava ikafunika nyumba nyingi huku Buhene. Sisi tuliporudi kwenye kiwanja chetu, tulinunua bloki za simenti za bei ya chini. Ukuta ukasimama. Mvua ya kwanza kubwa ilipopiga, bloki za chini zikaanza kumomonyoka kama mkate uliolowa. Usiku ule tuliwahamisha watoto waliokuwa wanalala upande huo.

Mara ya pili tulitengeneza bloki sisi wenyewe, tukiongozwa na fundi mzee wa jirani. Swali lake la kwanza lilinishangaza: «Maji ya kumwagilia mutayatoa wapi?»

Tulipima mfuko 1 wa simenti wa kilo 50 kwa bruweti 4 za mchanga mweusi wa volkano. Mchanga huo una vitundu na unakunywa maji, kwa hiyo tuliulowesha kidogo kwanza. Tulichanganya vikavu mpaka rangi ikawa moja, kisha tukaongeza maji polepole. Mzee alifinya donge mkononi: likishikamana bila kutiririsha maji, limefaa. Likivunjika, ni kavu mno. Likichuruzika, bloki itabonyea ukitoa kalibu.

Kalibu yetu ya mkono ilikuwa ya bloki nzima zisizo na matundu, za sentimeta 15 kwa 20 kwa 40. Tuliijaza mara tatu, na kila mara tulishindilia mpaka pembeni, kwa sababu pembe ndizo zinabomoka kwanza. Mashine ya kutetemesha inashindilia vizuri zaidi, lakini haiwezi kuponya mchanganyiko wenye simenti kidogo. Mfuko mmoja ulitupatia bloki kama 20. Anayetoa 35 za ukubwa huo ameongeza mchanga tu.

Kazi ngumu ilikuja baadaye. Bloki haikauki ndipo ikawa ngumu. Simenti inahitaji maji ili ishike. Jua na upepo vikiyanyang’anya mapema, nje inaonekana nzuri, ndani inabaki unga. Huku kwetu bidoni la lita 20 linanunuliwa, ndiyo maana wauzaji wengi wanaruka hatua hii. Tuliziacha siku ya kwanza bila kuzigusa, kivulini. Kesho yake tulianza kumwagilia asubuhi na jioni, siku 7, huku tumezifunika kwa shitingi ili maji yasipotee. Hatukujenga mpaka siku 28 zilipotimia.

Jamaa munaorudi kujenga, mukinunua bloki, ulizeni zilitengenezwa siku gani na zilimwagiliwa siku ngapi. Chukua mbili uzigonganishe: nzuri inalia kali, mbovu inatoa sauti ya udongo. Kwaruza pembe kwa musumari; mchanga ukimwagika, acha hiyo bloki hapo.

Ukuta wetu wa pili bado umesimama. Watoto wamerudi kulala upande ule.